E Kubwa, Kitambaa Kidogo

Gikomba, nguo zikishatoka kwenye belo, kuna wanunuzi ambao macho yao hayaanzii kwenye rangi wala saizi. Wakiona koti la jinzi la Levi's, hutafuta kwanza kile kikitambaa chekundu kilichoshonwa ukingoni mwa mfuko. Kilianza kutumika mwaka 1936, na hadi mwaka 1971 jina la kampuni lilifumwa humo kwa herufi kubwa tupu. Baadaye ile E ikawa ndogo. Koti la E kubwa huuzwa kwa bei ya juu sana, na kikitambaa kile ni kidogo kiasi kwamba mtu mwenye sindano anaweza kukibandika kwenye koti lolote.

Macho peke yake hudanganyika. Ndiyo maana wengine hupiga picha ya lebo inayotiliwa shaka na kuilalisha juu ya picha ya lebo halali. Programu ya bure kama GIMP inatosha: kila picha hukaa kwenye tabaka lake, ya juu ikapunguzwa `Opacity` hadi nusu, na herufi za chini zikaonekana kupitia za juu. Ukichagua `Difference` badala yake, panapolingana huwa peusi na penye tofauti hung'aa.

Kazi kubwa iko kwenye picha yenyewe. Simu ikisogezwa karibu mno, sehemu ya lebo iliyo jirani na kioo huonekana nene kuliko iliyo mbali. Afadhali kurudi nyuma kidogo, kukuza mara 2, kuiweka lebo katikati ya fremu na kuilaza bapa kwenye meza, rula ikiwa kando yake.

Kisha huja kosa linaloharibu ulinganisho mwingi. Mtu huvuta picha ya juu pembe zote 4 mpaka kila herufi ikae mahali pake, halafu hutangaza kwamba lebo ni halali. Kumbe ameinyoosha feki kwa mkono wake hadi ikafanana! Sheria ni kuchagua alama 2 tu, kwa mfano mwanzo wa L na mwisho wa S, na kuikuza au kuizungusha picha nzima bila kuipinda popote. Herufi zilizobaki katikati ndizo mashahidi, na shahidi hafundishwi la kusema.

Tuseme jina lina upana wa milimita 12 kwa rula, na kwenye skrini limewekwa pikseli 600. Kila milimita basi ni pikseli 50. V ikiwa imesogea pikseli 5, hiyo ni sehemu ya kumi ya milimita, na uzi uliofumwa huweza kuhama kiasi hicho bila hila yoyote. Ikisogea pikseli 30, zaidi ya nusu milimita, ina neno la kujibu.

Lakini namna herufi zilivyohama husema mengi kuliko kiasi. Kama E, V na I zote zimesogea upande mmoja, huku hitilafu ikipanda taratibu kuelekea katikati na kushuka tena, kuna uwezekano mkubwa kwamba simu ilikuwa imeinama au kitambaa kimejikunja: piga picha upya. Kama E na I zimekaa sawasawa na V peke yake imeruka, kamera haina hatia, kwa sababu lenzi haiwezi kuchagua herufi moja ikaziacha jirani zake. Kipimo kizuri cha uaminifu ni kupiga lebo ileile mara 3 na kulalisha picha hizo zenyewe kwa zenyewe. Tofauti itakayoonekana hapo ni ya mkono wako, si ya mfumaji.

Lebo ya kulinganishia nayo ina masharti. E kubwa ikilinganishwa na lebo ya mwaka 1985 haiwezi kupita, hata ikiwa halali kabisa. Afadhali kuwa na lebo 2 au 3 za kipindi kimoja, maana hata zilizo halali hupishana.

Kuna pia mtego ambao ulinganisho huu hauuoni. Levi's wenyewe hutengeneza upya makoti ya zamani, na kikitambaa chao kipya kina E kubwa. Herufi zinaweza kulingana vizuri, lebo ikawa ya kampuni kweli, na koti likawa la juzi. Hapo mnunuzi huweka simu mfukoni na kuligeuza koti ndani nje. Marekani ilianza kulazimisha lebo za maelekezo ya kufua mwaka 1972, kwa hiyo koti la E kubwa lenye lebo yenye alama za beseni na pasi ni la miaka ya karibuni. Ikiwa lebo hiyo imekatwa, kwenye mshono wa ubavuni huweza kubaki kipande chake chembamba kilichobanwa na uzi.