Vidonge saba vilivyobaki

Mtoto wa mwaka mmoja ameharisha siku tatu. Leo choo kimekuwa kizito, naye anacheza. Mama anaichukua karatasi ya vidonge vya zinki, anaona vimebaki saba, anaviweka kabatini. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Kuhara huondoa zinki mwilini, na utumbo unaihitaji ili ujitengeneze upya. Choo kikipata nafuu, kazi hiyo haijaisha. Siku 10 zikikamilika, mtoto hupata pia kinga dhidi ya kuhara kwa miezi miwili mitatu ijayo.

Kidonge hiki hakimezwi kizima. Kiweke kwenye kijiko, tia maji safi kidogo yaliyochemshwa yakapoa, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Kitayeyuka chini ya dakika moja. Mpe yote, hata masalia ya kijikoni. Aliyetimiza miezi sita hupewa kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, aliye chini yake nusu. Akitapika kabla ya nusu saa, mpe kingine.

Zinki hairudishi maji yaliyopotea, kwa hiyo maji ya chumvichumvi ya pakiti na kunyonya viendelee. Macho yakididimia, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, mpeleke kituoni mara moja.