Pengo la Katikati: Kwa Nini Amplifaya Hukwaruza Sauti Ikipunguzwa

Kasoro nyingi za amplifaya hujitokeza sauti inapofunguliwa hadi mwisho: besi inapasuka, spika inatetemeka, mwimbaji anasikika kama anakoroma. Ipo moja ambayo hufanya kinyume. Sauti ikiwa juu, muziki unapita vizuri tu. Ikipunguzwa usiku ili watoto walale, sauti inaanza kukwaruza, maneno yanakuwa makavu, na ikipunguzwa zaidi kidogo spika inanyamaza kabisa ingawa kitufe hakijafika sifuri. Fundi anayesikia malalamiko hayo hana haja ya kushuku spika kwanza. Anapaswa kutazama jozi ya transista za mwisho, zile zinazoisukuma spika, na kujiuliza kama zinapata umeme wa kuzitayarisha.

Mpango wa jozi hiyo ni wa sukuma-vuta. Mawimbi ya sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, mara mia kadhaa au maelfu kwa sekunde. Transista ya juu, aina ya NPN, huushughulikia upande chanya kwa kusukuma mkondo kwenye spika. Ya chini, aina ya PNP, huushughulikia upande hasi kwa kuvuta mkondo kutoka kwenye spika. Ni kama wapasua mbao wawili kwenye msumeno mmoja, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini: kila mmoja anavuta zamu yake, na wa pili anapumzika.

Faida ya kupumzika huko ni kubwa, na inafaa kuipigia hesabu. Chukua redio inayotumia mawe manane ya volti 1.5, manne yakitoa volti 6 chanya na manne volti 6 hasi, na spika ya omu 8. Ili spika ipate wati 1 kwa mlio mmoja laini, wimbi lazima lifike kilele cha volti 4, yaani nusu ampea. Mtengenezaji akitumia njia ya zamani, ambapo transista hailali kamwe, itabidi apitishe nusu ampea hiyo muda wote, muziki uwepo usiwepo. Volti 12 mara nusu ampea ni wati 6. Kwa hiyo mawe yanatoa wati 6 ili spika ipate 1, na mtangazaji anapovuta pumzi mawe bado yanatoa wati 6 zile zile, zote zikiishia kuwa joto.

Kwa sukuma-vuta, kila upande wa mawe hutoa mkondo katika nusu yake tu ya wimbi. Wastani wake unakuwa kilele kilichogawanywa kwa pai, yaani takriban ampea 0.16, na mzigo wote kwenye mawe ni wati 1.9. Ufanisi unapanda kutoka asilimia 17 hadi asilimia 52. Vitabu hutaja asilimia 78.5 kuwa kikomo cha mpango huu, lakini hicho hupatikana tu wimbi linapogusa volti zote za chanzo, jambo ambalo transista halisi haziruhusu kwa sababu zinahitaji volti kidogo zibaki juu yao. Kilele kikiwa theluthi mbili ya chanzo, kama hapa, ufanisi nao unakuwa theluthi mbili ya kikomo hicho. Na muziki ukinyamaza, matumizi yanashuka hadi sifuri. Kwa redio ya mawe, hiyo ndiyo tofauti kati ya kununua mawe mapya kila baada ya siku chache na kukaa nayo kwa wiki kadhaa.

Tatizo liko kwenye mpokezano wa zamu.

Transista ya silikoni haifunguki kwa volti yoyote ile inayoletwa kwenye besi yake. Inahitaji takriban volti 0.65 kati ya besi na emita ndipo mkondo wa maana uanze kupita. Besi zote mbili zikiunganishwa pamoja na wimbi likaletwa hapo, transista ya juu itasubiri mpaka wimbi livuke 0.65 chanya, na ya chini itasubiri mpaka lishuke chini ya 0.65 hasi. Katikati kuna eneo la volti 1.3 ambalo hakuna anayefanya kazi. Wimbi linapita pale, spika haipati chochote.

Ukubwa wa madhara hutegemea ukubwa wa wimbi, na hapo ndipo kitendawili cha usiku kinapoteguka. Wimbi linaloingia likiwa na kilele cha volti 4.65, muda unaopotea katika pengo ni asilimia 9 tu ya kila mzunguko. Lipunguze hadi volti 1, na muda unaopotea unafika asilimia 45: karibu nusu ya wimbi haipo, na kilichobaki ni vilele viwili vyembamba vya volti 0.35 vyenye mstari bapa kati yao. Lishushe hadi nusu volti, na hakuna transista hata moja inayofunguka. Pengo halibadiliki upana wake, ila sauti inapozidi kuwa ndogo ndivyo linavyomeza sehemu kubwa zaidi.

Kwenye osiloskopu kasoro hii haina mfano wake. Kila mahali wimbi linapokata mstari wa sifuri, badala ya kupita kwa mteremko linajikunja na kulala bapa kabla ya kuendelea. Sikio nalo huitambua upesi, kwa sababu kona hizo huzalisha milio ya ziada yenye masafa mara tatu, mara tano, mara saba ya mlio wa asili na kuendelea. Milio ya mbali namna hiyo haijifichi ndani ya muziki, inasikika kama mchanga juu yake. Filimbi au sauti moja ya mtu anayeimba taratibu huionyesha mapema kuliko ngoma.

Wapo wanaojaribu kuliziba pengo kwa kutumia opampu, yaani kuiunganisha jozi ndani ya mzunguko wa marejesho ili opampu igundue kosa na kulisahihisha. Inasaidia, lakini ina mpaka. Ili kulivuka pengo, opampu lazima iruke volti 1.3 ghafla. LM741, ambayo bado imejaa kwenye masanduku ya mafundi, huenda kwa kasi ya nusu volti kwa kila milioni moja ya sekunde, hivyo mruko mmoja unaichukua milioni 2.6 za sekunde. Kwenye mlio wa chini huo ni muda mdogo mno. Kwenye mlio wa juu wa mizunguko 10,000 kwa sekunde, miruko miwili inakula zaidi ya asilimia 5 ya wimbi, na ukwaruzo unarudi.

Dawa iliyo bora ni kuliondoa pengo lenyewe: kila transista iwe tayari imefunguliwa kidogo kabla ya zamu yake kufika. Inatakiwa volti 1.3 ya kudumu kati ya besi mbili, na dayodi mbili za silikoni zilizounganishwa kwa mfuatano hutoa takriban hiyo hiyo. Katika redio yetu, rezista ya omu 180 inatoka volti 6 chanya hadi besi ya juu. Kutoka hapo dayodi mbili zinashuka hadi besi ya chini, na rezista nyingine ya omu 180 inamalizia hadi volti 6 hasi. Wimbi linaingia katikati ya dayodi hizo. Linapopanda, besi zote mbili hupanda nalo, moja ikiwa 0.65 juu yake na nyingine 0.65 chini, kwa hiyo mkondo unahama polepole kutoka transista moja hadi nyingine bila kukatika.

Omu 180 haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Wimbi likiwa tulivu, rezista hiyo ina volti 5.35 juu yake na inapitisha karibu miliampea 30. Lakini likifika kilele cha volti 4, besi ya juu iko 4.65, na kwenye rezista imebaki volti 1.35 pekee, inayotoa miliampea 7.5. Transista inayokuza mkondo mara 100 inahitaji 5 kati ya hizo ili kuipa spika nusu ampea. Zinatosha. Fundi akiweka omu 1,000 ili kuokoa mawe, miliampea zinazobaki ni 1.35, na vilele vya juu vitakatwa mapema: ameponya kasoro ya sauti ndogo kwa kuzaa kasoro ya sauti kubwa.

Uchaguzi wa dayodi ndio unaotenganisha kazi ya uangalifu na ya haraka. 1N4148 ni dayodi ndogo sana, na kwa miliampea 30 volti yake hupanda kuzidi ile ambayo transista kubwa inahitaji. Ziada hiyo huzifungua transista kupita kiasi, nazo zinachemka hata redio ikiwa kimya. Njia salama ni kutumia transista za aina ile ile ya jozi, BD139 na BD140 kwa mfano, kila moja ikiwa imeunganishwa besi na kolekta pamoja ili ifanye kazi ya dayodi. Hapo mkondo wa utulivu katika jozi unafuata mkondo wa dayodi kwa ukaribu.

Joto nalo lina sheria yake. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, volti ambayo transista inahitaji hushuka kwa takriban milivolti 2. Jozi ikipanda nyuzi 30 huku dayodi zikibaki baridi, ziada ni milivolti 60 kwa kila upande, na milivolti 60 zinatosha kuuongeza mkondo mara 10. Mkondo zaidi huleta joto zaidi, joto huleta mkondo, na mwisho wake ni transista iliyoungua. Ndiyo maana dayodi hufungwa kwenye hitisinki ile ile ya jozi, zipate joto pamoja nayo na volti yake ishuke kwa kiasi kile kile. Kinga ya pili ni rezista ya omu 0.47 kwenye kila emita. Katika mfano huu inautuliza mkondo kwenye miliampea 20 hivi, na hata dayodi zikisahaulika nje ya hitisinki, mkondo unaishia karibu na 75 badala ya kuzidi mara 10.

Gharama ya yote haya ni miliampea 50 wakati wa ukimya, 30 za dayodi na 20 za jozi, yaani wati 0.6. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya wati 6 zilizokuwa zikipotea kwa njia ya zamani, na ukwaruzo umekwisha.

Kuhakiki kazi kunahitaji mita ya kawaida tu. Wimbi likiwa halijaletwa, fundi anapima volti juu ya rezista moja ya emita. Milivolti 9 au 10 zinaonyesha kwamba miliampea 20 zinapita. Sifuri ina maana pengo bado lipo, na pengine dayodi moja imeshoti. Kisha redio inaachwa ipige muziki kwa sauti kubwa kwa nusu saa, inanyamazishwa, na kipimo kinarudiwa hapo hapo: kikiwa kimepanda hadi milivolti 30 na zaidi, dayodi hazijagusa hitisinki sawasawa.