Paa gani kwa depo ya mahindi?

Kama uko mu bonde la Ruzizi, unajua mvua kubwa haiji yenyewe. Upepo unafika mbele. Wengi wanasema upepo unasukuma paa, lakini kazi yake mbaya zaidi ni kunyonya: ukipita juu ya manjanja yaliyolala, unayavuta kwenda juu, zaidi kwenye pembe na pembeni.

Tuchukue depo ya matofali mabichi, mita 6 upana, mita 10 urefu.

Fundi ataanza na paa la mteremko mmoja, sababu ni bei kidogo. Ukuta wa mbele unapita wa nyuma kwa sentimita 60, basi. Lakini kwa upana wa mita 6, hapo manjanja yamelala kabisa. Upepo unayanyonya, tena unarudisha maji pale manjanja mawili yanapolaliana. Ukitaka mteremko wa kutosha, ukuta ule utapita mwenzake kwa zaidi ya mita 3, na matofali hayo nani atalipa? Umbo hili tuachie jiko ao kibanda cha mbuzi, na upande wa chini uelekee kule upepo unatoka.

Paa la miteremko mine linashinda yote kwa upepo: kila upande upepo unakuta mteremko, haukuti ukuta mrefu. Kama depo iko juu ya kilima pasipo miti, lipieni hilo. Ila manjanja yanakatwa mshazari, vipande vinapotea, faitieri zinaongezeka, na fundi asiyezoea ataacha maji yapite kwenye pembe.

Kwa depo yetu ya bondeni, mimi ningechagua miteremko miwili. Nusu ya upana ni mita 3. Kichwa cha paa kipande mita 1 na sentimita 70 juu ya kuta. Hapo maji yanakimbia, upepo unanyonya kidogo. Joto nalo linapanda mbali na mifuko na kutokea kwenye matundu ya pembetatu mbili za mwisho. Wekeni waya wa kuzuia ndege na panya. Joto na unyevu vikifungiwa ndani, usiku manjanja yanapoa, yanatoa jasho, matone yanaangukia mifuko, mahindi yanaota kuvu.

Ubaya wake ni pembetatu hizo. Zikijengwa na matofali mabichi, upepo unaziangusha ndani. Zifanyeni na mbao, na hapo paa lisitokeze nje kupita sentimita 30.

Lakini umbo lolote litaruka kama halikufungwa. Waya nene ushike mbao za paa, ushuke ndani ya ukuta mistari kadhaa ya matofali. Pembeni, misumari ipigwe kwenye kila mgongo wa njanja. Kisha upepo mkubwa ukipita, pandeni muangalie pembe: kichwa cha msumari kilichoinuka, ao tundu lililopanuka, ni pale paa limeanza kuondoka.