Wagonjwa wawili, oksijeni 55

Tuseme usiku mmoja Mombasa chumba cha dharura kinapokea wagonjwa wawili kwa mpigo. Wa kwanza ni kijana wa miaka 28 aliyeokotwa barazani, mboni za macho zimesinyaa, anapumua mara sita tu kwa dakika. Wa pili ni mama wa miaka 40 aliyejifungua wiki mbili zilizopita. Anahema mbiombio na kifua kinamchoma. Damu ya ateri inachukuliwa haraka wakati mtungi wa oksijeni ungali unasogezwa, kwa hiyo wote wawili wanavuta hewa ya kawaida. Majibu yanarudi: shinikizo la oksijeni kwenye ateri, yaani PaO2, ni milimita 55 za zebaki kwa kijana na 55 kwa mama. Kilichotofautiana ni kaboni dayoksaidi, PaCO2. Kijana ana 70, mama ana 28.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huona zile 55 mbili akaandika kuwa wote wana upungufu wa oksijeni. Ni kweli, lakini hajasema kitu. Swali linalofaa ni hili: kwa hewa waliyovuta na kwa jinsi wanavyopumua, oksijeni iliyofika ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu ilikuwa kiasi gani? Ukishaijua hiyo, ndipo utajua kama mapafu yaliipitisha kwenye damu au yaliizuia.

Hakuna anayeingiza sindano ndani ya vifuko hivyo kupima. Tunakisia kwa hesabu ambayo Fenn, Rahn na Otis wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliichapisha mwaka 1946, wakichunguza hewa ya mapafuni kwa mtu aliye juu angani. Kwa matumizi ya wodini huandikwa hivi:

```
PAO2 = FiO2 × (Patm − 47) − PaCO2 / 0.8
```

Herufi A kubwa ni ya vifuko vya hewa, a ndogo ni ya ateri. Tuifuate hewa yenyewe inavyoingia. Usawa wa bahari, angahewa lote hukandamiza kwa milimita 760. Hewa ikipita puani na kwenye koo hupata joto la mwili na kujaa mvuke wa maji, na mvuke huo huchukua milimita 47 bila kujali uko wapi duniani. Zinabaki 713. Oksijeni ni asilimia 21 ya hizo, yaani kama 150. Hiki ndicho kiasi kinachobisha hodi kwenye vifuko.

Ndani ya kifuko kuna kinachotokea kama ndani ya matatu iliyojaa: nafasi haziongezeki, kwa hiyo kaboni dayoksaidi akipanda, oksijeni hushuka. Lakini hawabadilishani mmoja kwa mmoja. Mwili uliotulia huchukua takribani mililita 250 za oksijeni kwa dakika na kutoa kama 200 za kaboni dayoksaidi. Mia mbili kwa 250 ni 0.8, na ndiyo maana tunagawanya PaCO2 kwa namba hiyo. Tunatumia kaboni dayoksaidi ya ateri badala ya ile ya kwenye vifuko kwa sababu gesi hii huvuka ukuta kwa wepesi mno, hata pande mbili hizo karibu zilingane.

Sasa kijana. Sabini gawanya kwa 0.8 ni 87.5. Toa kwenye 150, zinabaki 62.5. Vifukoni mna 62.5, kwenye ateri mna 55. Tofauti ni 7.5 tu.

Mama: 28 gawanya kwa 0.8 ni 35. Toa kwenye 150, unapata 115. Kwenye ateri mna 55. Milimita 60 zimepotelea njiani.

Tofauti hii ya A-a haiwi sifuri hata kwa mtu mzima wa afya, maana damu kidogo ya mirija ya hewa na ya misuli ya moyo hurudi upande wa kushoto bila kupita penye hewa, na mapafu hayagawi hewa na damu sawasawa kutoka juu hadi chini. Huongezeka pia kwa umri. Kanuni ya haraka ni umri gawanya kwa nne, ongeza nne: kijana aruhusiwe 11, mama 14.

Kwa hiyo mapafu ya kijana hayana kosa. Hewa ndiyo haiingii. Mboni zake na upumuaji wake vinaelekeza kwenye heroini au dawa ya jamii hiyo, na tiba ni kumsaidia kupumua na kumpa naloksoni. Mama ndiye mwenye mapafu yaliyoingiliwa. Anapumua kuliko kawaida na bado oksijeni haifiki, na kwa mzazi wa wiki mbili donge la damu kwenye ateri ya mapafu lazima litafutwe, ingawa nimonia nayo ingeweza kutoa namba hizihizi. Hesabu inakuonyesha palipoharibika, haikutajii ugonjwa.

Tena usimfungie kijana faili. Tuseme baada ya naloksoni anaamka na kipimo cha pili, bado akivuta hewa ya kawaida, kinasoma PaCO2 40 na PaO2 68. Namba zote mbili zimepata nafuu, na wengi wangefurahi. Fanya hesabu: 150 toa 50 ni 100, na tofauti imekuwa 32. Huenda alivuta matapishi alipokuwa hajitambui. Apigwe picha ya kifua kabla ya kuruhusiwa.

Ile 760 ni ya pwani. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, angahewa hukandamiza kwa takribani 620. Mtu asiye na ugonjwa huko anaweza kuwa na PaO2 70 na PaCO2 36. Ukiweka 760 unapata PAO2 105 na tofauti ya 35, kisha unaanza kumtafutia maradhi. Weka 620: 573 mara 0.21 ni 120, toa 45, zinabaki 75. Tofauti ni tano. Mashine nyingi za gesi za damu huchapa shinikizo la hewa la siku hiyo kwenye karatasi ya majibu. Lisome kabla ya kushika kikokotozi.

Oksijeni ya mtungi nayo huvuruga hesabu. Kadiri FiO2 inavyopanda ndivyo tofauti inavyopanuka hata kwenye mapafu mazima, kwa hiyo mipaka ya umri haifai tena, na wengi huhamia kwenye uwiano wa PaO2 kwa FiO2. Tena kwa mpira wa puani FiO2 ni ya kukisia tu: anayehema kwa nguvu huvuta hewa nyingi ya chumbani pembeni ya mpira, na asilimia anayopata hushuka.

Mwisho, ukipata tofauti iliyo chini ya sifuri, mathalani PaO2 118 na PaCO2 38 kwa mgonjwa wa pwani anayesemekana anavuta hewa ya kawaida, hapo PAO2 ni 102.5 na ateri imekizidi kifuko. Hakuna ugonjwa unaofanya hivyo. Muulize muuguzi mpira wa oksijeni ulitolewa lini, kagua kama kuna kipovu cha hewa kwenye bomba la sindano, kisha chukua damu nyingine.