Usihesabu Miaka Tu, Hesabu na Faida

Mkulima wa Makueni au Kitui, tuseme unazo shilingi 60,000. Ukinunua pampu ya kumwagilia mboga, utapata 30,000 kila mwaka, gharama zikiisha kutolewa, na baada ya miaka 3 pampu imechakaa. Ukipanda miembe ya kupandikiza na kuitunza kwa fedha hizo, hupati kitu miaka 3. Kisha utapata 30,000 kila mwaka, tangu mwaka wa 4 hadi wa 10.

Pampu hurudisha fedha zako kwa miaka 2, miembe kwa miaka 5. Wengi huishia hapo.

Lakini shilingi ya kesho si sawa na ya leo. Kwa riba ya 10 kwa mia, shilingi 110 za mwakani ni 100 za leo. Basi gawanya kila pato kwa 1.1, mara moja kwa kila mwaka wa kungoja. Sasa pampu hurudisha fedha katika mwaka wa 3, miembe katika mwaka wa 7. Bado pampu yaonekana bora, kwa kuwa hesabu hiyo husimama fedha zinaporudi, haioni mavuno ya baadaye.

Jumlisha mapato yote kwa thamani ya leo, kisha utoe 60,000. Pampu inabakiza 14,600, miembe 49,700. Hata ukinunua pampu mara 3 mfululizo, utabakiza 33,800 tu.

Ila kama fedha ni za mkopo wa miaka 3, angalia: miembe haitakulipia deni.