Msiba na Sonona (2): Ndugu Wawili Baada ya Arubaini

Toleo lililopita tuliwaacha jamaa wakianua matanga. Leo tuwafuate nyumbani ndugu wawili wa kubuni, waliofiwa na mama yao wiki sita zilizopita.

Dada bado analia. Akiikuta kanga ya marehemu sandukuni, machozi yanamshinda. Usingizi ni wa kuungaunga, chakula hakipandi. Lakini kilio chake huja kama wimbi, kikamfunika, kisha kikarudi nyuma. Mjukuu akisimulia vituko vya bibi yake, dada anacheka kwa dhati. Wageni wakija anafarijika. Anajilaumu, ila lawama yake ina mahali pake: “Laiti ningemwahisha hospitali siku ile.”

Kaka halii. Watu wanamsifu kwa kujikaza, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Anaamka saa tisa usiku, halali tena. Mpira aliokuwa haukosi hautazami. Wenzake wakimpitia, anasema kichwa kinamuuma. Kiza chake hakingoji kanga wala picha, kimetanda tangu asubuhi. Na lawama imehama, haimhusu tena mama: “Mimi si mtu wa maana, nawatia hasara tu.”

Ukikosa usingizi, hilo pekee halikuambii kitu, maana ndugu wote wawili wanalo. Tazama jinsi mtu anavyojiona. Mwaka 1917 Sigmund Freud aliandika kwamba kwa mfiwa ni dunia inayobaki tupu, na kwa mgonjwa wa sonona ni nafsi yake mwenyewe.

Madaktari wa akili wanaofuata mwongozo wa Marekani hutafuta dalili tano kati ya tisa za sonona, karibu kila siku kwa wiki mbili, zinazomkwamisha mtu katika shughuli zake. Mojawapo lazima iwe huzuni isiyoachia au kupoteza hamu ya mambo. Zamani mwongozo huo uliagiza kwa kawaida mfiwa asihesabiwe mgonjwa katika miezi miwili ya kwanza. Mwaka 2013 sharti hilo likaondolewa, na wapo waliolalamika kwamba sasa msiba utageuzwa ugonjwa. Hofu yao naielewa. Hata hivyo, chini ya sharti la zamani kaka yetu angeweza kuambiwa asubiri, kwa kuwa tu kuna kaburi bichi.

Limebaki swali ambalo watu huogopa kuliuliza, la kutamani kufa. Dada akisema angependa kumfuata mama, mara nyingi ni shauku ya kukutana naye tena. Muulize zaidi, usikisie. Kaka akisema hastahili kuishi, au ameshafikiria namna ya kujiua, wiki mbili hazihesabiwi. Asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.