Shilingi Ilishuka Benki, Ikapanda kwa Mkulima wa Mkonge

Mwaka 1979 dola moja ya Marekani ilipatikana benki kwa shilingi za Tanzania 8 na senti 20 hivi. Mwaka 1985 ilikuwa imefika wastani wa shilingi 17.50. Anayetazama namba hizo mbili peke yake atasema shilingi ilishuka thamani. Kwa shamba la mkonge la Tanga lililokuwa likiuza nje, shilingi ilikuwa imepanda, tena kwa zaidi ya nusu.

Kiwango cha benki kinaonyesha fedha moja inabadilishwa kwa ngapi za nyingine. Hakisemi fedha hizo zinanunua nini kila moja kwao. Ndiyo maana wachumi hutafuta kiwango halisi kwa kuweka bei za pande zote mbili ndani ya hesabu:

kiwango halisi = bei za ndani ÷ (shilingi kwa dola × bei za nje)

Tujaze namba zetu, 1979 ikiwa mwaka wa kuanzia. Kwa miaka sita mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa kati ya asilimia 25 na 36 kila mwaka, hivyo bei zikafika karibu mara 4.9 ya zilivyokuwa. Marekani zilipanda mara 1.5 hivi. Dola nayo ilipanda mara 2.1. Zidisha 2.1 kwa 1.5, utapata kama 3.15. Gawa 4.9 kwa hiyo, inakuja 1.55 hivi. Ikiwa 1979 ilikuwa 100, basi 1985 ilikuwa kama 155. Shilingi ilishushwa, lakini bei za ndani ziliikimbia mbali.

Tuangalie hilo lilimfikaje muuzaji. Tuseme tani ya singa za mkonge iliuzwa dola 700 miaka yote miwili. Mwaka 1979 dola hizo zilileta shilingi 5,740. Ikiwa vibarua, usafiri na matengenezo viligharimu 4,500, faida ilikuwepo. Mwaka 1985 dola zile zile zilileta shilingi 12,250, ila gharama, zikifuata bei za ndani, zilikaribia 22,000. Mnunuzi wa Ulaya hawezi kuombwa aongeze bei kwa sababu unga umepanda Korogwe, atanunua Brazil. Shamba linabaki na njia chache: kuwapunja vibarua, kuacha kupanda mkonge mpya, au kufunga.

Dalili ya hali hii haihitaji kikokotoo. Dola inapouzwa kwa magendo kwa bei inayopita ya benki mara kadhaa, na kahawa inapovushwa mpaka usiku ili iuzwe jirani, soko limeshapiga hesabu yake. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983 uliwakamata walanguzi wengi, lakini pengo lililowazaa walanguzi hao lilibaki pale pale.

Hata hivyo kiwango halisi kisibebeshwe kila lawama. Mkonge ulikuwa ukishuka tangu kamba za plastiki zilipoingia sokoni, na korosho ziliumizwa na kuhamishiwa kwa watu vijijini na ugonjwa wa ubwiriunga. Fahirisi ya bei yenyewe nayo ilikuwa na walakini, maana kwa sehemu ilitegemea bei rasmi za bidhaa ambazo dukani hazikuwepo. Na kupanda kwa kiwango halisi si balaa kila mara: tija ikiongezeka, shamba likatoa tani nyingi zaidi kwa vibarua wale wale, wauzaji wa nje wanahimili. Hapa tija haikuongezeka. Vipuri vyenyewe vilikosa dola.

Msomaji awe macho na jambo moja. Vitabu vingine hugeuza kanuni hii juu chini, na kwa vitabu hivyo kupanda ni nafuu kwa muuzaji wa nje. Kabla ya kusoma mchoro wowote, angalia kwanza bei za ndani zimewekwa juu au chini ya mstari.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iligoma kwa miaka kushusha shilingi kwa kiasi kilichotakiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ya Rais Mwinyi ilikubaliana nalo mwaka 1986. Kufikia 1990 dola ilikuwa wastani wa shilingi 195, mara 11 ya ilivyokuwa 1985. Bei za ndani katika miaka hiyo mitano zilipanda chini ya mara 4, na za Marekani mara 1.2. Kipimo chetu cha 155 kikaanguka chini ya 50. Hesabu ilirekebishika ndani ya miaka michache. Lakini korosho zilihitaji hadi mwisho wa miaka ya 1990 kurudi kwenye zaidi ya tani 100,000 kwa msimu, kwa sababu mikorosho iliyotelekezwa ilibidi kwanza ipaliliwe na kupulizwa salfa.